Risiti Haisahihishwi kwa Kalamu
(Mazungumzo na wafanyabiashara, Mwanga, Kigoma)

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu wa sokoni, shikamooni na asalaam aleikum. Mmeniomba niseme kuhusu VAT, nami nimekataa kusema kuhusu VAT yote, maana tungelala hapa. Nitasema jambo moja tu lililonifikia mezani mara nyingi kuliko yote tangu nianze uhasibu mji huu: umenunua mzigo kihalali, umelipa, umepewa ankara na risiti, halafu jina la mnunuzi si jina la kampuni yako. Unafanyaje ili muuzaji akubali kulisahihisha, na usahihisho huo ukubalike unapodai VAT uliyolipa kwenye manunuzi ikatwe kwenye VAT ya mauzo yako?

Nitawapa kisa kimoja, na majina nimeyabadilisha. Kuna mama mmoja hapa mjini anatengeneza sabuni ya mawese. Si sabuni ya kupikia uani. Ana kiwanda kidogo, ana kampuni iliyosajiliwa BRELA, ana TIN ya kampuni na ana VRN, maana amejiandikisha VAT. Bangoni kumeandikwa, tuseme, Mama Sabuni. Kwenye cheti cha usajili jina ni refu zaidi na linaishia na neno Limited. Na jina lake mwenyewe, la kwenye kitambulisho cha taifa, ni la tatu. Shikeni hapo: mtu mmoja tunayemwona kwa macho, lakini majina matatu, na mbele ya kodi ni jina moja tu lililonunua.

Tarehe 9 Septemba alinunua kostiki soda na vifungashio kutoka kwa muuzaji wa Dar es Salaam. Bei kabla ya kodi ilikuwa shilingi 12,000,000. VAT ya asilimia 18 ni shilingi 2,160,000. Jumla akalipa 14,160,000. Aliagiza kwa simu, akalipa sehemu kwa benki na sehemu kwa simu yake ya mkononi. Mzigo ukaja na lori, na dereva akakabidhi bahasha. Mama akahesabu mifuko, ikatimia, bahasha akaitia kwenye droo. Nani kati yetu hajafanya hivyo?

Tarehe 16 Oktoba akaniletea karatasi za Septemba niandae ritani, kwa sababu mnajua ritani ya VAT ya mwezi inatakiwa ifike tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Nafungua bahasha, nakuta karatasi mbili. Moja ni ankara kubwa, ya A4, yenye nembo na rangi. Ya pili ni risiti ya EFD, ile ndefu yenye msimbo wa mraba chini. Kwenye ankara jina ni Mama Sabuni. Kwenye risiti, sehemu hii ilisomeka hivi:

```
CUSTOMER NAME: (jina lake yeye binafsi)
CUSTOMER ID TYPE: (tupu)
CUSTOMER ID: (tupu)
```

Kampuni haipo popote. Si kwenye ankara wala kwenye risiti. Jina la bango si mtu mbele ya sheria. Ni jina la biashara tu. Na jina lake binafsi ni la mtu mwingine kabisa, kwa sababu kampuni yenye Limited ni mtu kivyake, na mwenye hisa ni mtu kivyake. Aliyejiandikisha VAT ni kampuni. Kwa hiyo kwa karatasi zile, aliyenunua kostiki ni mwanamke fulani asiye na VRN, na asiye na VRN hana cha kudai.

Jina lile lilitoka wapi? Nilimuuliza muuzaji baadaye, akacheka, akasema keshia alikopi jina lililotokea kwenye ujumbe wa malipo ya simu. Laini imesajiliwa kwa jina la mama, basi keshia akaandika alichokiona. Jina la ankara nalo lilitoka kwenye orodha ya wateja ya kompyuta yao, ambako miaka miwili nyuma mtu wa mauzo alimwandika kama alivyomjua kwa simu. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Lakini angalieni: ile orodha isiporekebishwa, kila ankara ijayo itatoka na kosa lilelile. Kwa hiyo mnapoomba kusahihishiwa, msiombe karatasi moja tu, ombeni na jina lenu kwenye orodha yao libadilishwe.

Sasa niwaambie alichokuwa ametaka kufanya mama. Alishika kalamu. Akataka kukata jina, aandike la kampuni, agonge mhuri. Nikamshika mkono. Nimeona hata wauzaji wanafanya hivyo: anakata, anaandika juu, anagonga mhuri wake, anakwambia, "Nenda, iko sawa." Haiko sawa. Mashine ya EFD ikishatoa risiti, taarifa zake zinakuwa zimeshaingia kwenye kumbukumbu ya mashine na kwenda kwa TRA. Mtu yeyote akiingia `verify.tra.go.tz`, akaandika msimbo wa uhakiki ulio kwenye risiti na saa iliyotolewa, ataiona risiti kama ilivyozaliwa. Kalamu yako haikufika huko. Afisa akilinganisha karatasi yako na kioo chake, hataona kosa la jina tu, ataona karatasi iliyochezewa. Umetoka kwenye kosa la keshia umeingia kwenye kosa lako.

Kuna njia nyingine inayofanana na hiyo, na ni ya kistaarabu zaidi, kwa hiyo inadanganya zaidi. Muuzaji anafungua kompyuta yake, anabadilisha jina kwenye ankara ya A4, anachapa upya, tarehe ileile, namba ileile, anakutumia kwa WhatsApp. Inapendeza. Lakini risiti ya EFD imebaki vilevile. Sheria ya VAT ya mwaka 2014 inataka ankara ya kodi itolewe kwa mashine ya kodi, na ndiyo hiyo unayoishikilia unapodai. Ankara ya A4 peke yake ni maelezo ya mauzo. Ni nzuri kuwa nayo, na iwe na jina sahihi, lakini haibebi dai lako. Ukiona muuzaji amekuletea karatasi mpya, swali la kwanza si "jina liko sawa?" Swali la kwanza ni "msimbo wa uhakiki ni mpya?" Kama ni uleule wa zamani, hakuna kilichosahihishwa.

Basi tukampigia muuzaji. Na hapa ndipo kwenye kiini cha mazungumzo ya leo, kwa sababu wengi wenu mnakwama hapa na mnadhani muuzaji ni mkorofi. Mhasibu wake alisema: "Dada, siwezi. Nikitoa risiti nyingine nitakuwa nimeuza mara mbili."

Na ana haki ya kuogopa. Jiwekeni mahali pake. Risiti ya kwanza imeshahesabiwa kwenye mauzo yake ya Septemba, na VAT ya 2,160,000 anatakiwa kuilipa. Akitoa ya pili kwa kiasi kilekile, mashine inaongeza mauzo mengine ya milioni 12 na kodi nyingine ya 2,160,000, kwa mzigo uleule mmoja. Wewe unaomba jina, yeye anasikia unamwomba zaidi ya milioni mbili. Ukimpigia simu kila siku na kumlalamikia kwamba unapata hasara, hujamsaidia kitu. Anachohitaji ni karatasi za kumlinda siku atakapoulizwa kwa nini kuna risiti mbili zenye kiasi kimoja.

Kwa hiyo ile ya kwanza lazima ipunguzwe kwenye hesabu zake. Anaandika hati ya kupunguza mauzo, ile wahasibu tunaiita kredit noti, inayoitaja risiti ya kwanza kwa namba na tarehe, kiasi chote cha 14,160,000, na sababu: mnunuzi aliandikwa kimakosa. Kisha anatoa risiti mpya ya EFD kwa jina na TIN ya kampuni. Kisha anaijulisha ofisi yake ya TRA kwa barua, akiambatisha zote. Kwenye ritani yake, ile mpya inaongeza na kredit noti inapunguza, inabaki sifuri. Nilimshauri azungumze na afisa wake wa kodi kabla hajabonyeza mashine, wala si baada ya hapo, ili maelezo yatangulie namba. Alifanya hivyo siku ileile, na sauti yake ikabadilika.

Sehemu yetu ilikuwa barua. Nitawasomea, kwa sababu nimeona barua nyingi za kuomba radhi kwa ukurasa mzima bila kutaja namba ya risiti. Hii ilikuwa fupi, kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni, imesainiwa na mkurugenzi na kugongwa mhuri:

"Tarehe 9 Septemba kampuni yetu ilinunua kwenu kostiki soda na vifungashio vya jumla ya shilingi 14,160,000, VAT ikiwemo shilingi 2,160,000. Risiti ya EFD namba [namba], yenye msimbo wa uhakiki [msimbo], ilitolewa kwa jina la mkurugenzi wetu badala ya kampuni, na bila TIN ya mnunuzi. Mnunuzi halisi ni kampuni, kama inavyoonekana kwenye oda yetu, hati ya kupokelea mzigo na malipo ya benki tuliyoambatisha. Tunaomba mauzo hayo yarekebishwe kwa kredit noti, na risiti mpya ya EFD itolewe kwa jina, TIN na VRN kama zilivyo kwenye vyeti tulivyoambatisha, bila kubadilisha bidhaa, kiasi wala bei. Tunarejesha risiti halisi ya kwanza. Tunathibitisha kwamba kampuni haijadai wala haitadai VAT kwa risiti hiyo."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Muuzaji anaogopa kwamba utadai kwa zote mbili na yeye ndiye atakayeitwa. Mpe kwa maandishi kwamba hutadai, na mrudishie risiti halisi. Lakini ipige picha kwanza, na utoe nakala, kwa sababu wino wa risiti zile unafifia ukiiacha kwenye joto. Sisi wa Kigoma tunajua joto. Tulituma bahasha kwa basi, na nakala kwa barua pepe ili mhasibu aanze kazi bila kusubiri.

Na viambatisho si mapambo. Jina tulichukua kwenye cheti cha TIN, herufi kwa herufi, pamoja na hilo neno Limited. Usiandike kwa kumbukumbu. Nimeona mtu anaomba kusahihishiwa jina, na kwenye barua yake mwenyewe kalikosea. TIN ina tarakimu tisa, zihesabu. Oda na hati ya kupokelea mzigo zilikuwa muhimu zaidi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba kampuni ndiyo iliyonunua tangu mwanzo. Bahati nzuri mama aliagiza kwa karatasi yenye kichwa cha kampuni, akaituma kwa picha. Malipo ya simu ndiyo yalitusumbua, maana yalitoka kwenye laini yake. Tukaandika kwenye vitabu kwamba mkurugenzi aliilipia kampuni na kampuni inamdai... samahani, inadaiwa naye. Mnaona hata mimi naweza kugeuza. Kampuni inadaiwa na mkurugenzi.

Hapo niseme neno kwa ukali kidogo. Njia hii ni ya kusahihisha kosa la kuandika, basi. Kama kweli ulinunua mabati ya nyumba yako kwa jina lako, ukagundua baadaye kwamba kampuni ingeweza kudai VAT, usimpelekee muuzaji barua kama hii. Hapo risiti iko sahihi, wewe ndiye unataka iseme uongo. Vivyo hivyo mwenye kampuni mbili anayetaka kuhamisha ununuzi kutoka moja kwenda nyingine kwa sababu ile nyingine ina kodi kubwa mwezi huu. Na kwa wenzangu wa dagaa na mgebuka wa Kibirizi: samaki asiyesindikwa amesamehewa VAT, na manunuzi ya kuhudumia mauzo yaliyosamehewa hayadaiwi hata jina likiandikwa kwa dhahabu. Msihangaike na barua kabla hamjajua kama kuna dai.

Turudi kwa mama. Ilikuwa tarehe 16, ritani inatakiwa tarehe 20. Alitaka nimwingizie ile 2,160,000 kwenye ritani ya Septemba, "kwa sababu risiti inakuja tu." Nikakataa. Unadai kwa karatasi uliyonayo mkononi, si iliyo njiani. Mauzo yake ya sabuni ya Septemba yalikuwa milioni 20, VAT yake 3,600,000. Manunuzi mengine yenye risiti safi yalikuwa na VAT ya 700,000. Kwa hiyo alitakiwa kulipa 2,900,000. Ingekuwa risiti ya kostiki iko sawa, angelipa 740,000 tu. Alinitazama kwa muda, kisha akaenda kukopa kwenye kikoba chake. Hakuridhika nami siku ile, na simlaumu.

Risiti mpya ilitoka tarehe 24 Oktoba. Ina tarehe ya siku ilipotolewa, haina ya Septemba, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Muuzaji anayekuahidi risiti mpya yenye tarehe ya zamani mwogope. Kabla ya kushukuru, niliikagua. Niliingiza msimbo mpya kwenye `verify.tra.go.tz`, nikasoma kwenye kioo, wala si kwenye karatasi: jina la kampuni, TIN, kodi 2,160,000, jumla 14,160,000. Nikaiambatanisha na nakala ya risiti ya kwanza, nakala ya kredit noti na barua yetu, zote kwa pini moja. Mtu atakayekagua baada ya miaka mitatu hatakuwa na mimi pembeni wa kumsimulia. Dai likaingia kwenye ritani ya Oktoba, iliyopelekwa kabla ya tarehe 20 Novemba. Kuchelewa mwezi mmoja hakukuua dai, kwa sababu sheria inampa mnunuzi miezi sita. Lakini msiufanye muda huo kitanda. Muuzaji anabadilisha mhasibu, anafunga tawi, na mwezi wa tano hakumbuki hata alikuuzia nini.

Kuna mzee pale nyuma alininong'oneza kabla hatujaanza: je, likikosewa herufi moja tu, na TIN iko sawa? Mzee wangu, hapo hali ni nyepesi. TIN ndiyo inayomtambulisha mnunuzi kwenye mfumo, na herufi moja iliyoruka mtu mwenye akili ataielewa. Mimi hapo naomba muuzaji aniandikie barua ya kuthibitisha kwamba mteja ni huyuhuyu mwenye TIN hii, naibana na risiti, naendelea. Mzigo mkubwa, wa mamilioni, nitaomba risiti mpya hata hivyo. Lakini TIN ikiwa ya mtu mwingine, au hakuna kabisa, jina zuri halikuokoi. Hapo hakuna cha barua ya kuthibitisha.

Na swali la mama wa vitenge: muuzaji akigoma kabisa? Kwanza mwulize kama amegoma au ameogopa, maana dawa zake ni tofauti. Aliyeogopa mpe karatasi nilizozitaja, na umwombe azungumze na afisa wake wa kodi. Aliyegoma mwandikie barua ya pili, ukimkumbusha kwamba sheria inamtaka atoe ankara ya kodi iliyo sahihi na ya kweli, weka siku, tuseme siku saba, kisha peleka nakala ofisi ya TRA hapa Kigoma. Usipeleke maneno, peleka barua zako mbili na risiti. Na akiendelea kugoma mpaka miezi sita ikapita, ile 2,160,000 si ya kudai tena. Ni sehemu ya gharama ya kostiki. Mama wa sabuni angelazimika kuiweka kwenye bei ya mche, na wateja wake wa Kasulu wangekuwa wa kwanza kumwuliza kwa nini imepanda.

Siku hizi akiagiza, anatuma ujumbe mmoja aliouhifadhi kwenye simu: jina kama kwenye cheti, TIN, VRN. Anaomba profoma kwanza, anaisoma, ndipo analipa kutoka akaunti ya kampuni. Na mzigo ukifika, dereva anasubiri. Mama anasoma risiti kabla hajahesabu mifuko.